Hisa za Unga wa Ndizi

Walikuja asubuhi nikiwa kazini, wamejifunga leso viunoni kama watu wanaokwenda kuchimba shamba. Sikushtuka kuwaona. Ni wenzangu wa chama, tumezikana na kuozeana watoto. Nilishtuka pale mmoja wao alipoinama akaanza kuchomoa uzi kwenye cherehani yangu.

"Ngojeni nimalize hii sketi," nikasema. Ilikuwa sare ya shule, imebaki pindo tu.

"Malizia kwa mkono," mwenyekiti wetu akajibu.

Ndivyo chama chetu kinavyofanya. Mtu akishindwa kurudisha pesa za wenzake, tunakwenda kwake tunabeba kitu. Nimewahi kwenda na mimi, kule Suneka, tukatoa makochi ya mtu tukiimba wimbo wa kanisani, na mimi Mwislamu nikiitikia kiitikio. Siku yangu hawakuimba. Wawili walishika meza, wawili wakashika kichwa cha cherehani, na muuza vitunguu, ambaye nimemshonea nguo miaka na miaka bila kumdai hata ya uzi, akabeba pasi ya makaa. Alipofika mlangoni akageuka. "Omong'ina, mama yangu, usinichukie," akasema. Walipotoka duka lilibaki na kiti, na mimi juu yake, na sketi ya mtoto wa watu imebanwa pini.

Nimeonywa nisiandike majina katika barua hii ya wazi. Sawa. Vyeo havijakatazwa, na kila mmoja atajijua kwa cheo chake.

Chama chetu ni cha wanawake wa soko la mjini Kisii. Wengine huleta ndizi kutoka Nyamache, wengine huuza mboga, mimi hushona. Tunaweka pesa kidogo kidogo mwaka mzima, na Desemba tunafungua kisanduku tugawane, kwa sababu Januari kuna karo na karo haingoji mtu. Niliwekwa mweka hazina kwa vile duka langu lina kufuli la maana na simu yangu inaingia mtandaoni. Shule niliiacha darasa la saba.

Katikati ya mwaka, masika yakiwa yamekwisha, mkurugenzi alitutembelea. Ni kijana wa hapa, baba yake tulimjua, na ana kiwanda kidogo upande wa Nyakoe kinachokausha ndizi mbichi na kusaga unga wa uji. Alituletea pakiti moja moja ya ule unga. Ulikuwa mzuri, sitasema uongo.

"Mama zangu," akasema, "mnauza ndizi kwa bei ya hasara halafu mnaenda kununua unga dukani. Kwa nini msiwe wenye kampuni?"

Akatueleza kuna jukwaa la mtandaoni, limepewa leseni, linalouza hisa za kampuni ndogo kwa watu wa kawaida. Kila mtu anatia kidogo, kampuni inapata mtaji wa kununua mashine, na waliotia wanakuwa na sehemu yao. Mwenyekiti wetu, ambaye kwao ni Nyamira na amekulia katika majani chai, akasimama kabla hatujamaliza kufikiri.

"Hii ni kama hisa za kiwanda cha chai," akasema. "Unakaa kwako, bonasi inakuja."

Wote wakaitika, maana hakuna mtu huku asiyeijua bonasi ya chai, yale malipo ya ziada ya kila mwaka. Mimi nikauliza, "Na siku tukitaka kutoka?"

Mkurugenzi akacheka. "Mama, hujaingia nyumba, unauliza mlango wa kutokea?"

Wanawake wakacheka pamoja naye. Swali langu likafia hapo, tukakubaliana kutia pesa za kisanduku. Hakulijibu siku ile na hajalijibu mpaka leo.

Kesho yake nikampigia dada anayehudumia wateja wa lile jukwaa, yuko Nairobi. Nilimwambia kwa Kiswahili kisicho na kona: hizi ni pesa za chama, zinagawanywa Desemba. Akaniambia chama kisichosajiliwa hakiwezi kufunguliwa akaunti.

"Fungua kwa jina lako, mama," akasema. "Mengine mtaelewana wenyewe."

"Na haya maandishi ya Kiingereza kwenye simu yanasemaje?"

"Yanasema biashara ina hatari. Kama biashara zote. Ukishasoma bonyeza kukubali."

Nikabonyeza, pesa za chama zikaenda. Baadaye sana, mambo yakiwa yameharibika, nilimpelekea mwalimu mmoja mteja wangu anisomee yote. Alisoma polepole, akawa hataki kunitazama. Yalikuwa yamesema unaweza kupoteza pesa zote. Kwamba hisa hizi haziuzwi kwenye soko la hisa, na huenda usipate wa kuzinunua kwa miaka mingi. Kwamba kampuni inaweza kutoa hisa mpya na sehemu yako ikawa ndogo. Kwamba hisa zetu ni za daraja la pili: hazina kura, na hisa mpya zikitolewa hatuna haki ya kupewa nafasi ya kwanza ya kununua. Na gawio, yaani mgao wa faida, halikuahidiwa, kwa sababu kampuni changa hurudisha faida yake kwenye kazi. Yote yalikuwa pale. Dada wa jukwaa alikuwa anayajua, mimi nikaambiwa biashara ina hatari.

Novemba ilipoingia nikampigia mkurugenzi kumkumbusha pesa zetu. Akasema, "Mama, hisa si mkopo. Kampuni haina deni kwenu. Ukitaka pesa tafuta mtu akununue."

Nikatafuta. Jukwaa lina ukurasa ambapo mwenye hisa anatangaza anauza. Nikatangaza kwa bei tuliyonunulia. Hakuna aliyeuliza. Nikashusha. Hakuna. Kila nikimaliza kushona nguo nafungua simu, naangalia, naifunga. Wanawake wakaanza kupita dukani bila sababu. "Nilikuwa naenda posta, nikasema nikusalimie," mmoja ananiambia, na posta iko upande wa pili wa mji.

Mwisho nikampata mzee wa duka la misumari na mabati pale Suneka. Alikuwa ananunua unga ule, ana imani nao. Tukaelewana nusu ya bei. Nusu ni hasara, lakini nusu ingenifikisha Januari nikiwa na uso wa kuwatazama wenzangu. Tatizo ni kwamba hisa za kampuni ya namna hii huwezi kumpa mtu mkononi kama kuku. Lazima wakurugenzi wakubali. Nikaomba kupitia jukwaa. Nikangoja. Jibu likaja kwamba kampuni iko katika mazungumzo na mwekezaji mkubwa, kwa hivyo uhamishaji wowote umesimamishwa mpaka yaishe.

Yaliisha haraka. Ujumbe ukaja kwenye simu, wa pongezi kabisa, kwamba tumempata mwekezaji kutoka Nairobi. Niliuchukua nikaenda nao kiwandani.

Mkurugenzi alinipokea vizuri, akaniitishia chai. Karani wake wa hesabu alikuwa kwenye meza ya pembeni.

"Hisa zenu hazijaguswa, mama," mkurugenzi akaniambia. "Idadi ni ile ile."

"Na yeye amepewa ngapi?"

"Zaidi kidogo ya zote zilizokuwepo."

"Basi sisi tumebaki na chini ya nusu ya sehemu tuliyokuwa nayo."

"Sehemu ndogo ya kitu kikubwa zaidi. Ameleta pesa, kampuni imekua."

Nikamwambia sisi Waislamu ng'ombe wa Idd tunachangia watu saba, mwisho saba. Hakuna anayemwingiza wa nane ng'ombe akishachinjwa.

"Lakini huyu ameleta ng'ombe wake," akasema, akatabasamu.

"Amelipa bei gani kwa hisa moja? Kama yetu?"

Hapo hakutabasamu. Aliitaja: chini ya yetu, na chini sana. Maana yake huyo wa nane hakuleta ng'ombe mzima. Alileta mbuzi akachukua mafungu ya ng'ombe. Tena hisa zake ni za daraja la juu: kampuni ikiuzwa siku moja, au ikifilisika, yeye anarudishiwa pesa zake zote kwanza, sisi tunagawana kitakachobaki, kama kitabaki.

"Bila yeye tungefunga," mkurugenzi akasema kwa sauti ndogo. "Ungependelea sifuri?"

Huenda ni kweli. Sijui hesabu za kiwanda. Lakini karani, labda akitaka kunituliza, akadakia: "Mama, huyu mtu si wa jana. Tumekuwa tukimbembeleza tangu mvua za masika, na bei hii ndiyo aliyotubana nayo tangu wakati ule."

Mkurugenzi akamtazama, na karani akarudi kwenye kompyuta yake. Chai yangu niliiacha pale.

Mzee wa Suneka naye alikuwa amesikia. "Ulikuwa unaniuzia kwa nusu, mama," akaniambia kwenye simu, "na kumbe wenyewe wamemuuzia mtu chini ya hiyo nusu. Ulitaka nile hasara kwa niaba yako?" Sikuwa najua, nikamwapia. Akasema anajua sikuwa najua, na akakata.

Kwenye mkutano wa Desemba nilieleza yote haya. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Sisi hatujui mambo ya daraja. Akaunti ina jina la nani?" Yule yule wa bonasi ya majani chai. Nilingoja aseme kwamba ni yeye aliyetuambia hivyo. Nikatazama wanawake wengine, kila mmoja akatazama leso yake. Siku tatu baadaye wakaja.

Cherehani waliiuza kwa fundi wa Nyamira, na haikufikia hata robo ya pesa zilizokwama. Sasa nakaa kwenye baraza la fundi mwingine, ananipa mapindo na vifungo, kazi ya mkono. Mwenye sketi ile alimpeleka mtoto wake kwa mtu mwingine. Hisa bado ziko kwa jina langu. Kila mwezi nafungua ule ukurasa wa kuuza, na kila mwezi nipo peke yangu. Nikifa zitarithiwa na binti yangu, naye atakuwa na kitu asichoweza kula wala kutupa. Usiku wa kulala vizuri siukumbuki. Unga ule unauzwa mpaka kwenye maduka makubwa, naupita kwenye rafu.

Nimekwenda kwa wakili, amesema nilibonyeza kukubali. Nimeandika kwa jukwaa, wamenijibu kwa yale yale maandishi niliyobonyeza.

Basi nauliza hapa. Wewe mwenyekiti, useme mbele ya chama nani alituambia hisa ni bonasi. Wewe dada wa jukwaa, nilikwambia pesa zinatakiwa Desemba; useme kwa nini ulizipokea, na jukwaa lenu lilikata ada ya kiasi gani kwenye pesa hizo. Na wewe mkurugenzi, ulikuja kwetu masika yakiwa yamekwisha. Wakati unatugawia pakiti za unga ulikuwa tayari unazungumza na mtu aliyekutajia bei ya chini kuliko ile uliyotutoza sisi. Ulijua, au hukujua? Usinitumie ujumbe. Uje sokoni, usimame mbele ya wanawake wale, ujibu kwa mdomo wako.