Mkopo wa Munyoki

Nilikaa chumba kimoja Makongeni, Nairobi, na Munyoki, dereva wa lori kiwandani kwetu, miaka sita. Sijaona mtu wa kumtamani mkewe kama yule. Nthenya alikuwa Kitui na binti yao, Mbeti, na likizo ilikuwa moja tu kwa mwaka, Krismasi. Barua zake alizisoma mpaka zikachanika kwenye mikunjo, nami nikimcheka. Nilimwonea wivu, nakiri.

Mwaka wa sabini na nane akapata nyumba Umoja. Malipo ya kwanza yalikuwa shilingi elfu sita, kisha mia nne kila mwezi. Kampuni ilikopesha wafanyakazi na kukata kwenye mshahara, riba asilimia kumi. Nthenya aliandika kwamba wakihamia huko na Mbeti, chakula, makaa na mafuta ya taa vingemtosha kwa mia tatu na ishirini kwa mwezi, asipungukiwe hata kumi.

Munyoki akapiga hesabu nyuma ya bahasha. Elfu sita na riba mia sita, gawanya kwa miezi ishirini na minne: mia mbili sabini na tano. Baada ya kodi na makato mengine alikuwa akipokea elfu moja. Toa mkopo, toa nyumba, zinabaki mia tatu ishirini na tano. Alicheka peke yake kama mwehu.

Kesho yake nikamsindikiza kwa Lydiah, karani wa mishahara.

"Bwana Munyoki, hii riba ni ya kila mwaka," Lydiah alisema. "Na inahesabiwa kwa elfu sita yote, hata ukishalipa nusu. Miaka miwili ni elfu moja na mia mbili. Utakatwa mia tatu."

"Nitabaki na ngapi?"

"Mia saba mkononi. Ukilipa nyumba, mia tatu."

Pungufu ya shilingi ishirini.

"Ukitaka miaka mitatu," Lydiah akasema, "ni elfu saba na mia nane kwa miezi thelathini na sita. Mia mbili kumi na sita na senti sitini na saba. Unabaki na mia saba themanini na tatu na kidogo. Lakini riba ni elfu moja na mia nane. Utaongeza mia sita za bure."

Nilimvuta Munyoki shati. "Wewe, lipa miwili. Nthenya atangoja."

"Amengoja miaka sita, Simiyu," alisema, akachukua kalamu.

Nthenya na Mbeti wakahamia Umoja mwezi uliofuata. Jumatatu ya kwanza nilimpitia kwenda kazini. Mbeti alitutoa mpaka mlangoni, akampa babake mkono kwa adabu, na kumwambia asalimie watu wa Nairobi, waonane Krismasi.

Munyoki alichuchumaa mbele yake. Akamwambia kwamba atarudi jioni.