Mstari Chini ya Jina la Nicolaus

Nicolaus Rwegasira alikuwa Mhaya wa Bukoba, na hilo ndilo lililomponza. Msinielewe vibaya. Si kwamba Wahaya wana ubaya. Ni kwamba kila Mtanzania anajua utani wao: Mhaya akinunua baiskeli atakwambia imetoka Ulaya, akisoma darasa moja atajiita msomi. Ndiyo maana wakaitwa nshomile, yaani "nimesoma". Utani huo ni mtamu kwa anayeutoa. Kwa anayeupokea tangu akiwa shule ya bweni, siku nyingine huingia hadi kwenye mfupa.

Nyumbani alikuwa msimamizi wa bohari ya chanjo ya mkoa. Chanjo ni kitu cha kudeka kuliko mtoto wa mwisho: ikipata joto inakufa, ikiganda nyingine inakufa pia, na ukiitazama kwenye chupa huoni tofauti yoyote. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha inatoka kwenye jokofu la mkoa mpaka zahanati ya mwisho kule visiwani ikiwa hai; wenye kazi hiyo huiita mnyororo baridi. Umeme ulikuwa ukikatika, yeye na mkewe Anastasia wakibeba barafu kwa mikono, mke ameshika tochi, mume anasoma kipimajoto. Watoto wa watu walichanjwa wakapona, na hakuna aliyejua jina lake. Hilo halikumsumbua hata kidogo.

Kisha wakahamia Toronto, na hadithi ikawa ile ile ya wengi. Vyeti vikatazamwa, vikasifiwa, vikarudishwa. Akapata kazi ya kufunga maboksi kwenye ghala moja kule Downsview, ya muda, wakasema. Muda huo ukala miaka mitano. Mwaka 2014 ulimkuta bado anafunga maboksi, mgongo umeanza kulalamika, na binti yake Clara anajua kitu kimoja tu kuhusu kazi ya baba yake, kwamba anarudi amechoka.

Anastasia ndiye aliyemsukuma aende kwenye darasa la watafuta kazi lililokuwa likifanyika Jumamosi katika ukumbi wa jamii pale Lawrence Heights. Mwalimu wa kujitolea alikuwa Zahira, mama wa Kiismailia aliyezaliwa Upanga, Dar es Salaam, anayeishi Unionville. Siku za kazi alikuwa akiyatafutia makampuni wafanyakazi, kwa hiyo alijua jambo hili kwa upande wa pili wa meza. Kiswahili chake kilikuwa cha utotoni, safi, chenye maneno ambayo Nicolaus alikuwa hajayasikia tangu alipoondoka.

"Kaka Nicolaus," alimwambia, wameketi mbele ya kompyuta, "nionyeshe ukurasa wako wa LinkedIn."

Ukafunguka. Picha, jina, na chini ya jina mstari mmoja: mfungaji maboksi, na jina la ghala.

"Huu mstari umeuandika wewe?"

"Sikuandika kitu. Nilijaza kazi yangu, basi."

"Ndiyo hapo. Usipoandika, mtandao unachukua cheo chako cha sasa unakiweka wenyewe. Sasa sikiliza. Mimi nikitafuta mtu, sisomi historia yake kwanza. Naandika maneno ya kazi ninayoitaka, inakuja orodha ya watu, na kwa kila mtu naona picha, jina na mstari huu. Nikiona mfungaji maboksi, na mimi namtaka mtu wa dawa, napita. Sina ubaya na wewe. Napita tu."

Nicolaus akasema, kwa upole, "Dada Zahira, wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Walisema kweli, sokoni kwao, ambako kila mtu anajua shamba lako. Hapa nani anajua shamba lako? Chema kikikaa ndani kinaozea ndani."

Akaanza kumhoji. Ulikuwa ukifanya nini? Nilishughulika na majokofu. Majokofu ya nini, ya soda? Ya chanjo. Ya hospitali moja? Ya mkoa. Likatoka neno moja moja, kama kumng'oa mtu jino. Kadiri alivyojibu ndivyo Zahira alivyozidi kuegemea mbele, mpaka akaacha kuandika akawa anasikiliza tu.

Halafu wakautengeneza mstari. Nafasi ilikuwa finyu, herufi mia na ishirini, kwa hiyo kila neno lilibidi lilipe kodi yake. Zahira akakataa mchapakazi, akakataa hodari, kwa kuwa kila mtu anajiita hivyo na hakuna mwajiri anayeyatafuta maneno hayo. Akakataa injinia, maana jina hilo huku lina wenyewe na bila leseni lingemtia matatani. Maneno yanayotafutwa yakatangulia, kisha jambo alilolifanya, kisha mahali alipo leo, ili ghala nalo lisionekane aibu bali ujuzi. Kwa Kiswahili ulisomeka hivi: Mnyororo baridi wa chanjo na dawa; kutoka bohari ya mkoa hadi zahanati ya mwisho; sasa maghala ya Toronto.

"Kuna uongo humo?" Zahira akauliza.

Nicolaus akausoma mara mbili. "Hakuna."

"Basi uache hivyo hivyo. Rafiki yangu Shahnaz anaitafutia kampuni moja ya kusambaza dawa mtu wa kusimamia ghala lao jipya la baridi. Nitampa jina lako. Jumatatu atakutazama, na hicho ndicho atakachokiona kwanza. Ghala hilo linakufaa wewe kabisa, kaka."

Alirudi nyumbani akamsomea Anastasia. Mama Clara alifuta mikono, akaomba asomewe tena. Usiku ule Nicolaus aliota jokofu lile la mkoa, mlango wake mzito na ule ubaridi wake usoni.

Jumapili ilikuwa misa ya Kiswahili. Baada ya misa watu hushuka ukumbini kwa chai na maandazi, na hapo ndipo habari za Toronto nzima huchambuliwa. Rogers, Mnyakyusa wa Tukuyu, mhasibu nyumbani na dereva wa kusambaza mikate huku, alikuwa na simu mkononi, amefungua ukurasa wa Nicolaus. Huyu Rogers mdomo wake haukujaliwa breki. Akasimama, akakohoa kama msoma matangazo.

"Jamani, nisikilizeni. Mnyororo baridi wa chanjo na dawa. Kutoka bohari ya mkoa hadi zahanati ya mwisho." Akainua macho. "Nshomile amerudi kazini."

Ukumbi ukacheka. Wakacheka Watanzania, akacheka na mama Donatienne wa Lubumbashi ambaye hata utani wenyewe haujui, akacheka kwa sababu wenzake wanacheka. Mmoja akauliza kama hata barafu ya Kihaya ina digrii. Nicolaus naye akacheka, maana asiyecheka utani ndiye anayeonekana mjinga. Chai yake aliiacha mezani haijafika nusu.

Sasa niseme kweli, hapa ndipo ninapotaka kumshika mabega nimtikise. Mtu mzima, baba wa mtoto, aliyesimama peke yake gizani kulinda chanjo za mkoa mzima, anashindwa na kicheko cha ukumbi wa kanisa. Lakini mimi sikukaa ndani ya ngozi yake miaka yote ile.

Jioni hiyo, Anastasia akiwa kwenye zamu yake ya usafi hospitalini, Nicolaus alifungua kompyuta akaufuta mstari wote. Hakurudisha ule wa zamani. Aliandika mwingine, wa mtu mwenye adabu, asiyejikweza: Mfungaji maboksi, mchapakazi, niko tayari kwa kazi yoyote. Akausoma, akaona ni wa kistaarabu. Alijiambia kwamba mwenye kutaka kujua zaidi atauliza. Hakumwambia Anastasia, hakumwambia Zahira.

Shahnaz alitazama Jumatatu, kama Zahira alivyoahidi.

Zahira alipiga simu siku chache baadaye, wakati wa chakula cha jioni. Nicolaus aliweka simu mezani, spika imewashwa, ili aendelee kula, kwa hiyo Anastasia alisikia kila kitu.

"Kaka Nicolaus, ulibadilisha ule mstari?"

Nicolaus akaweka kijiko chini.

"Shahnaz aliniambia, Zahira, umeniambia mtu wa mnyororo baridi, nimemkuta mfungaji maboksi anayetaka kazi yoyote. Alidhani namsaidia ndugu yangu. Amempata mwingine, wameshakubaliana. Nilipomweleza habari zako alisikitika, lakini imeshapita." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kwa nini, kaka?"

"Watu walicheka," akasema Nicolaus. Alipolisikia jibu hilo likitoka alitamani alimeze.

Simu ilipokatika Anastasia alianza kukusanya sahani. Kisha akasema, taratibu, "Baba Clara, ile tochi nilikuwa nimeshika mimi. Ule mstari ulikuwa na mimi ndani yake. Ungeniuliza kabla hujaufuta." Akainuka akaosha vyombo. Hakulitaja tena jambo hilo, wala hakununa. Aliendelea kumpakia chakula cha kazini kama kawaida, na Nicolaus alikuwa akikila peke yake kwenye ngazi za ghala.

Majani yakapukutika, theluji ikaanguka. Jumapili moja ya Desemba Rogers alileta keki ukumbini. Amepata kazi, alisema, ya hesabu, kwenye kampuni ya usafirishaji, kazi ya mezani yenye bima. Watu wakampongeza. Kisha akamvuta Nicolaus pembeni, karibu na makoti yaliyotundikwa.

"Kaka, hii keki ni yako pia. Ile siku niliposoma mstari wako, nilirudi nyumbani nikaandika wangu vile vile. Nikaondoa dereva, nikaweka hesabu na mizigo. Miezi mitatu tu, wakanipigia." Akacheka, halafu akaona uso wa mwenzake. "Mbona wako uliuondoa? Mimi niliusoma kwa sauti kwa kuwa niliupenda. Utani ni utani, bwana. Ungekuwa mbaya ningenyamaza."

"Najua," akasema Nicolaus. Akampa mkono, akampongeza, na pongezi zake zilikuwa za kweli. Roho ilimuuma hata hivyo, ikamuuma mpaka kwenye basi, mpaka mlangoni kwake.

Clara alikuwa mezani na kazi za shule. Nicolaus akaketi kando yake, akaomba aazimwe kompyuta. Ule mstari alikuwa hajausahau. Akaurudisha wote, neno kwa neno, pole pole kwa vidole viwili, akijua kabisa kwamba ghala lile lina mtu wake tayari. Hakuhifadhi bado.

"Nisaidie kutazama kama kuna kosa," akamwambia binti yake.

Clara akasogea, akasoma. Alisoma tena. Alikuwa na miaka kumi na minne, na siku zote alimjibu baba yake kwa Kiingereza, lakini safari hii akauliza kwa Kiswahili, akiyatafuta maneno.

"Hakuna kosa, Baba. Lakini huyu ni nani?"