Alama ya Sentimita Arobaini na Sita na Mili Mbili

Mtaani wanamwita Nusu Mili. Anatengeneza fremu za picha, na kosa la nusu milimita humharibia siku. Hupima mara tatu, huandika kwa penseli juu ya mbao, kisha hupima tena kana kwamba mbao ingeweza kumdanganya.

Asubuhi moja alikuja mama wa makamo akiwa na picha ya marehemu baba yake, sentimita thelathini kwa arobaini.

"Fundi, naomba ukingo wa kadi wa sentimita tano kila upande wa picha. Na mbao ile ya upana wa sentimita tatu."

Nusu Mili alipiga hesabu kwa sauti, kama kawaida yake. Kadi ya ukingo na kioo: arobaini kwa hamsini. Nafasi ya mili mbili ili kioo kisibanwe. Mbao ina upana wa sentimita tatu, lakini kioo hukaa ndani ya mfereji wa nyuma unaokula mili sita, kwa hiyo kila upande huongezeka sentimita mbili nukta nne tu. Vipande vikikatwa kwa nyuzi arobaini na tano, vipimo vya nje ni arobaini na tano kwa hamsini na tano.

"Haitatosha," alisema yule mama. "Ukutani kuna alama ya fremu ya zamani. Mama anasema inamtazama. Wiki ya tatu sasa analala kwenye kiti ukumbini, miguu imevimba. Lazima ifunikwe yote." Akatoa karatasi. "Nimeipima mwenyewe. Arobaini na sita nukta mbili kwa hamsini na sita nukta mbili."

Nusu Mili akaacha kuchezea penseli.

Namba ile aliijua. Huipata fundi anayesahau mfereji, akajumlisha upana wote wa mbao, tatu na tatu. Yeye alikosea hivyo mara moja tu, miaka thelathini na moja iliyopita, kwenye fremu yake ya kwanza, ya kioo cha ukubwa huuhuu. Alipoweka kioo, kilipita katikati na kuvunjikia miguuni mwake, kwa kuwa uwazi wa mbele ulikuwa mkubwa kuliko kioo chenyewe. Mteja akacheka, akalipa, akaondoka na fremu tupu.

"Nitakuja kupima mwenyewe," alisema.

Nyumba ilikuwa safi, madirisha wazi, jua la saa nne limejaa chumbani. Alama ilikuwa mstatili wa rangi mbichi kwenye ukuta uliofifia. Utepe wa kupimia ulisema vilevile: arobaini na sita nukta mbili.

Alirudi ukumbini, alikoketi mama yake mteja. "Shikamoo, bibi. Fremu ile ilikuwa na picha gani?"

"Marahaba, mwanangu. Haikuwa na picha." Bibi alizungumza taratibu, macho yake kwenye mlango wa chumba. "Mzee alirudi nayo tupu. Akasema kuna kijana amekosea, akamwonea huruma. Akaitundika hivyohivyo. Kila jioni anakaa mbele yake, anaongea. Nikamwambia, mume wangu, watu watasema umechanganyikiwa. Akasema, we nyamaza, hujui inavyosikiliza."

"Iko wapi sasa?"

"Wiki aliyofariki aliishusha mwenyewe, akaichoma uani. Akasema imejaa."

"Mama naye!" yule mteja, binti yake, akacheka, lakini hakuingia chumbani.

Nusu Mili alirudi kazini na kuanza hesabu kutoka nje kwenda ndani. Arobaini na sita nukta mbili, toa nne nukta nane za mbao, toa mili mbili za nafasi: kioo arobaini na moja nukta mbili. Toa picha thelathini, gawa kwa mbili: ukingo tano nukta sita. Urefu nao ukatoa tano nukta sita ileile. Safari hii mfereji haukusahaulika. Kioo alikifuta pande zote mbili, akakiinua kwenye mwanga, akafunga nyuma kwa gundi na karatasi.

Kesho yake aliitundika. Ilifunika alama yote. Hata uzi mmoja wa rangi mbichi haukubaki. Bibi alisimama mlangoni kitambo, akamtazama mumewe, kisha akaingia, akapanda kitandani na kugeukia upande wa pili. Hazikupita dakika kumi, akaanza kukoroma.

"Asante, fundi," binti alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Asante sana."

Fundi alikuwa anatazama kioo. Mbele ya mdomo wa marehemu palikuwa na ukungu, upana wa kiganja. Akaufuta kwa kitambaa. Haukutoka. Akafuta tena, kwa nguvu zaidi, na ndipo alipotambua kuwa uko upande wa ndani.

Ukungu ukapungua taratibu. Kisha ukaongezeka.

Angeweza kuishusha fremu, akaifungua nyuma na kutazama. Lakini alama ingebaki wazi, na bibi ndiyo kwanza amelala.

Alikunja kitambaa, akatoka kwa kunyata na kuuacha mlango wazi.