Furushi Lililokazwa Mno

Mtaani wanamwita Sajini, ingawa sare alikwisha kuirudisha stoo. Jeshini alikuwa mfungaji wa maparachuti: alitandaza kitambaa kikubwa juu ya meza ndefu, akanyoosha kamba, akavikunja na kuvikandamiza vyote ndani ya begi dogo. Alipostaafu, kila alikoomba kazi waliona neno "jeshi" wakampa lindo la getini. Yeye geti hakulitaka. Alitaka mikono yake iendelee na kile ilichokijua. Ndipo akasikia kwamba hospitali kubwa inatafuta mtu wa chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji.

"Dada, habari za kuruka kwa parachuti usiwaambie," mdogo wake alimwonya huku akimpigia pasi blauzi. "Watakuogopa bure."

"Niseme nini basi?"

"Sema unajua kukunja nguo."

"Hata wewe ungesema hivyo, na kabati lako nimeliona."

Kwenye usaili, ofisa utumishi alimsikiliza akitaja kozi na vyeo, mwisho akapiga miayo. "Mama, yote mazuri, lakini hapa hatuna ndege."

Pembeni alikaa Sista, msimamizi wa chumba kile, mwanamke asiyepoteza maneno. Aliuliza swali moja tu. "Ulichokifunga, ulijuaje kwamba kitafunguka?"

"Huwezi kujua, Sista. Ndiyo maana kwetu ilikuwa sheria: asubuhi yoyote mkubwa anaingia, ananyooshea kidole parachuti lolote ulilofunga, anasema, vaa hilo, panda ndege. Unapanda. Unaruka nalo."

Ofisa utumishi aliacha miayo. Niliposimuliwa kisa hiki, nilijiuliza. Ni wangapi kati yetu wangekubali sheria hiyo? Mwashi alale na wanawe chini ya zege alilolipunja saruji? Mpishi ale alichowapakulia wengine? Tumezoea kazi ya jicho la msimamizi; akigeuka, nasi tumegeuka.

"Njoo Jumatatu," Sista alisema. "Nitakujaribu. Ukishindwa, hapa si jeshini, hakuna adhabu. Unarudi nyumbani tu."

Jumatatu alipewa majoho na mashuka ya upasuaji. Akayakunja, akaweka katikati ya kila furushi kipande cha karatasi kinachogeuka cheusi mvuke ukikifikia, akafunga kwa vitambaa viwili. Mafurushi yake yalikuwa madogo, magumu, kona zimesimama kama tofali. Wenzake walikuja kuyatazama.

"Sajini, haya tujengee ukuta?" mmoja alitania.

Alicheka nao. Moyoni alijua kazi ameipata.

Yalipotoka kwenye mtambo wa mvuke na kupoa, Sista alinyooshea kidole furushi moja. "Fungua."

Alifungua. Karatasi ya katikati ilikuwa bado nyeupe.

"Umelikaza," Sista alisema. "Parachuti unalibana litoshe ndani ya begi. Hili lazima lipumue. Mvuke usipopita kila uzi, vijidudu vimebaki humo, na daktari atamfunika navyo mgonjwa aliyepasuliwa."

Sajini aliitazama karatasi ile. Ustadi wa maisha yake yote ndio uliomponza. Mtu mwingine angesema ni hilo moja tu. Mengine yalikuwa bado yamefungwa, na hakuna aliyekuwa ameomba yafunguliwe.

"Yote mabovu, Sista," alisema. "Nimeyafunga kwa mkono uleule. Nisiyaache hapa hata dakika moja, mtu asije akayachukua."

Akaanza kuyafumua mwenyewe, moja baada ya jingine. Karatasi zote zilikuwa nyeupe. Wenzake waliacha utani.

"Nilikuwa nimeshaamua urudi nyumbani," Sista alisema mwishowe. "Kukunja nitakufundisha kabla ya wiki kwisha. Hilo ulilofanya sasa, sijui ningekufundishaje. Lete mashuka mapya."

Alimwonyesha: mkunjo mlegevu, nafasi ya kiganja kupenya, mafurushi yasigandamane ndani ya mtambo. Mkono wa Sajini ulikataa mwanzoni. Ulikuwa ukibana wenyewe, akaukemea kama kuruta. Alasiri Sista alinyooshea kidole tena. Karatasi ilitoka nyeusi kama masizi.

"Saini hapa," Sista alisema, "uyapeleke juu mwenyewe."

Alisukuma kitoroli hadi mlango wa chumba cha upasuaji, akayakabidhi, akabaki kidogo akichungulia kwenye kioo cha mlango. Chini ya taa kubwa alilala mtu asiyemjua, amefumba macho. Muuguzi alilifungua furushi, akaitazama karatasi ya katikati, akatikisa kichwa kukubali. Daktari alinyoosha mikono, akavishwa joho. Hakuuliza limefungwa na nani. Kisha shuka likatandazwa juu ya mwili ule, pole pole, likatua. Sajini hakuthubutu kupumua mpaka lilipotulia.