Pilau ya Harusi na Karatasi ya Namba

Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya sukari Malindi miaka ya themanini, na nilikuwa najiona. Niseme hivyo mwanzo, maana nikianza na mengine nitajipaka mafuta. Kliniki yenyewe ilikuwa chumba kimoja, siku moja kwa wiki, benchi mbili na mizani. Wagonjwa walikuja wengine kutoka Ngomeni, wengine mashambani huko ndani, na wote walinipa shikamoo hata walionizidi umri, nami nikaitikia bila haya.

Khalati yangu, dada wa mama, alikuwa mgonjwa wangu na hakuwa mgonjwa wangu. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya marehemu mumewe, vyumba viwili na ua, na sukari yake aliisimamia mwenyewe. Kila asubuhi, na siku za vyakula vizito hata alasiri na usiku, alitia matone ya mkojo kwenye kichupa cha dawa ya buluu, akakichemsha juu ya jiko, akatazama rangi. Ikibaki buluu, alihamdulillahi. Ikiwa kijani, alinyamaza. Ikifika rangi ya tofali, alijitukana. Kisha alijidunga insulini yake, ile yenye ukungu, ya polepole, na kidogo ya ile safi, ya haraka. Vichupa alivihifadhi ndani ya chungu cha maji kivulini, kwa kuwa friji hakuwa nayo. Mkono wake haukutetemeka. Watoto wake walimtaka ahamie kwao Mombasa akakataa. Alisema maadamu anajidunga mwenyewe, hana haja ya kukaa kwa mtu.

Mwaka huo daktari wetu alirudi kutoka masomoni na karatasi. Ilikuwa nakala hafifu, imepigwa mashine, vyakula upande mmoja na namba upande wa pili. Aliiita glaisemiki indeksi. Sisi tuliiita karatasi ya namba. Maana yake ilikuwa nyepesi: glukosi tupu imepewa mia, na kila chakula kinapimwa kwa kulinganishwa nayo. Chakula kinachopandisha sukari ya damu kwa kasi na kwa wingi kina namba kubwa, kinachopandisha polepole kina namba ndogo. Maharagwe na dengu chini, mkate mweupe na wali juu. Daktari alitupa tusome, akasema tutaizungumza. Mimi sikungoja mazungumzo. Niliikunja nikaitia mfukoni mwa sare, na kuanzia siku hiyo nikawa nagawa hukumu. Hiki ndiyo, hiki hapana. Mzee mmoja nilimwambia mbaazi ni chini, ale ashibe, na sikumuuliza anazila na mahamri mangapi. Hata kulikuwa na mahali karatasi iliweka aisikrimu chini ya viazi, jambo ambalo lingemfanya mtu mwenye akili asimame kidogo. Sikusimama.

Ikaja harusi ya mjukuu wa jirani yake khalati. Khalati ndiye aliyemlea bibi harusi tangu anatambaa, kwa hiyo hakukuwa na kusema hatakwenda, wala kusema atakwenda asile. Nilimpitia nyumbani kwake asubuhi ile, naye alikuwa anajifukiza udi.

"Leo pilau," nikamwambia. "Wali uko juu kwenye karatasi. Sukari itakupanda mara moja. Itabidi ujiongeze dawa safi kabla ya kula."

Akanitazama. "Mimi pilau hainipandi mchana, mwanangu. Nikila pilau mchana, kichupa cha alasiri ni kijani. Cha usiku ndicho hugeuka tofali. Nimeona si mara moja."

"Mkojo unachelewa kuonyesha, khalati. Hiyo ni elimu."

"Labda," akasema. "Lakini hata nikila wali mtupu na mchuzi wa papa, mkojo ni uleule, na siku hizo huonyesha mapema."

Hapo ndipo nikachomoa karatasi. Nilimwonyesha mstari wa wali, yeye asiyesoma herufi hizo, nikamgongea kwa kidole kama mwalimu wa chekechea. Mtu aliyetazama rangi za kichupa miaka tisa alikuwa ananiambia alichokiona, nami namgongea karatasi. Naona haya hata kuandika. Akasema, "Haya, wewe ndiye uliyesoma."

Nilimdunga mimi. Uniti nane za dawa safi, juu ya alizokwisha kujidunga asubuhi, bila amri ya daktari, chumbani kwa mama wa bibi harusi, masinia yakiwa yameanza kupangwa. Nusu saa baadaye chakula kilikuwa mbele yetu. Kwa hiyo mtu asiniambie chakula kilichelewa. Nimejaribu kujifariji kwa hilo na halishiki.

Wanawake tulikula watano watano kwa sinia moja. Mwenye kujua ulaji wetu anajua mtu mzima hali kama mtoto. Huchota upande wake, kidogo kidogo, na wenzake humsogezea nyama. Khalati alisogezewa mbavu, akasogezewa firigisi, akasogezewa kachumbari. Samli ilikuwa inang'aa kwenye vidole. Wali wenyewe nadhani alitia mdomoni tonge sita, saba. Nilimwona, nikafurahi kwamba anakula vizuri, nikaenda kusaidia kuosha vyombo.

Hazikupita saa mbili akaja mwanamke kuniita. Khalati alikuwa kaketi barazani anakunja leso yake na kuikunjua, anakunja na kuikunjua, jasho linamtiririka mpaka buibui limemganda mgongoni. Alikuwa anamwambia mama mkwe wa bibi harusi maneno ambayo sitayarudia. Wanawake walikuwa wameshaamua ni mashetani, na mmoja anatafuta ubani. Nikapiga kelele waniletee soda. Khalati akasimama kunikimbia, akaanguka, nyusi ikapiga ukingo wa ngazi ya mawe.

Alikuwa bado anaweza kumeza. Nilimnywesha soda ya machungwa chupa nzima, damu yake na soda vinachanganyika kwenye shingo. Nilikuwa na vijiti vya kupimia damu mkobani. Nikamtoboa kidole, nikalinganisha rangi ya kijiti na zile zilizochorwa kwenye kichupa cha vijiti. Ilikuwa chini kabisa. Baada ya robo saa akaniuliza kwa nini tumemzunguka, na kwa nini mama mkwe yule amenuna.

Tulimpeleka hospitali ashonwe. Jua lilikuwa linashuka tulipomaliza kusubiri, na daktari alipompima tena, sukari ilikuwa imepanda vibaya, kijiti kimeiva rangi. Akatutazama sisi wawili. Akauliza nani aliongeza dawa.

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Lakini khalati akatangulia.

"Mimi," akasema. "Niliona pilau nikaogopa, nikajidunga nyingi."

Daktari akavuta kiti. Hakuwa mkali. Aliniomba karatasi, kwa kuwa alijua ninayo, akaiweka juu ya kitanda akamweleza khalati, na mimi nimesimama pale kama ninayesaidia.

"Karatasi hii haidanganyi, mama. Lakini ujue ilipatikana vipi. Walimpa mtu chakula kimoja peke yake, asubuhi, tumbo tupu. Walikipima kiwe na wanga sawasawa na ule wa glukosi. Wakampima damu kwa muda wa saa mbili, basi. Namba ya wali ni ya wali mtupu, wa kiasi hicho, kwa saa hizo mbili. Hakuna aliyemtilia samli. Hakuna aliyemsogezea mbavu."

Akasema mafuta hulichelewesha tumbo kumwaga chakula kwenye utumbo, na nyama nayo huchangia, na hata siki na ndimu za kachumbari zina neno lao. Wali ukiingia na hivyo vyote hauendi mbio kama ukiwa peke yake. Na zaidi ya hayo, namba haijui mtu amekula matonge mangapi. Wanga kidogo wa namba kubwa unaweza kupandisha sukari pungufu kuliko sahani iliyojaa kilima ya chakula cha namba ndogo. "Dawa safi ilikwisha kushika kazi," akasema, "na wali bado umekaa tumboni pamoja na samli. Sukari ikaanguka. Wali ulipoanza kutoka, nguvu ya dawa ilikuwa inapungua, na soda ilikwisha kuingia, na mwili wenyewe ulikwisha kumwaga akiba yake kujiokoa. Ndiyo sababu jioni hii uko juu."

Khalati akaitikia kwa kichwa taratibu. Yalikuwa maneno yake mwenyewe ya asubuhi, yamevaa koti jeupe. Hakunitazama hata kidogo.

Kisha daktari akaniambia niandike. Faili aliishika yeye, akanipa mimi kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Nikaandika kwa Kiingereza aliyoyatamka: mgonjwa alizidisha insulini kwa uamuzi wake, hafuati maelekezo, asiachiwe sindano akiwa peke yake. Kalamu haikukwama hata mara moja. Niliweka na nukta.

Wiki ile alihamia kwangu. Chungu chake cha maji alikiacha uani kwake. Nilimdunga asubuhi na jioni, yeye anatoa mkono na kutazama dirisha. Siku ya tatu nilimwambia nitakwenda kwa daktari nikaseme. Akanijibu bila hasira, "Ukafukuzwe kazi? Una watoto. Nyamaza." Nikanyamaza, tena kwa wepesi. Nilijiambia amenisamehe. Sasa naona alikuwa amenifungulia mlango, akangoja aone kama nitapita.

Kwenye harusi zilizofuata alianza kupewa sahani yake peke yake, kama mgeni. Wenzake walikula sinia, yeye anahesabiwa vijiko na mimi. Vichupa vya buluu aliacha kuchemsha. Alisema haina maana, mwenye kujua yupo.

Mwaka wa tatu daktari yule akahamishwa, akaja mwingine, kijana mpole. Siku ya kliniki akafungua faili ya khalati, akasoma ukurasa ule, akainua macho.

"Naona hapa alikuwa anajizidishia dawa. Lakini sukari yake imetulia vizuri. Unaonaje, sista, tumrudishie sindano yake? Au bado hafuati maelekezo?"

Khalati alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu harusi ile anitazame usoni hivyo, kovu la nyusi limeinuka. Alinipa nafasi yote. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na daktari yule hata asingenifukuza, nilijua. Angenikemea, basi. Lakini kulikuwa na wauguzi wawili wanafunzi nyuma yangu, ambao asubuhi ile nilikuwa nawafundisha.

"Bora niendelee kumdunga mimi, daktari," nikasema.

Akaandika. Khalati akashusha macho, akajitanda buibui lake vizuri. Tulitembea mpaka karibu na nyumbani. Hapo akaniuliza mchana tunakula nini, na yeye ataruhusiwa kiasi gani.