Sifuri Moja ya Fundi Genoveva

Fundi simu Genoveva wa Sinza huandika kila kitu. Simu ikiingia kwake, anainakili namba ya utambulisho kwenye karatasi ya gundi, anaibandika mgongoni mwa simu, kisha anaifungia kwenye droo. Mimi ni mjumbe wa shina lake, na nimemtania miaka mingi kwamba siku moja atambandika namba mumewe.

Jumanne kijana anayeitwa Hudhaifa alinijia akidai simu yake iliyoibwa ipo kwa Genoveva. Alinionyesha picha ya lebo ya boksi yenye namba ya utambulisho ya simu hiyo. Tulimkuta Genoveva na mdogo wake Fransis, kila mmoja mezani kwake, na Yustina muuza vitumbua akisubiri simu yake. Ndiyo hiyo hiyo aliyoidai kijana.

Nililinganisha picha na karatasi ya mgongoni, tarakimu kwa tarakimu. Sawasawa kabisa. Nikamwambia Yustina anyanyuke twende polisi, na nilimwambia kwa ukali.

"Mjumbe, mie hii nilinunua mpya," alisema. Risiti hakuwa nayo.

Genoveva akaiomba ile picha. Akahesabu kwa ncha ya bisibisi, akarudia, uso ukambadilika.

"Kumi na nne," akasema. "Namba hii huwa na tarakimu kumi na tano, na ya mwisho inapatikana kwa kukokotoa zile kumi na nne za mwanzo. Lebo ya kiwandani haiwezi kupungua moja."

Nikamuuliza mbona basi inalingana na simu. Akajibu kuwa hailingani na simu, inalingana na karatasi. Akaiwasha simu, akabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Kwenye kioo ikatokea namba ya tarakimu kumi na tano, na katikati sifuri mbili zimefuatana. Kwenye karatasi alikuwa ameandika sifuri moja. Kwenye lebo ya Hudhaifa nayo ilikuwa moja, pale pale.

Nusura nimpeleke mama wa watu mahabusu kwa kosa la kalamu! Nikasema kama tarakimu za lebo zingetimia kumi na tano, ningekuwa nimeshamfikisha kituoni.

"Hata zingetimia, mjumbe. Namba mtu yeyote anaweza kuinakili. Ikikosa umbo inamuumbua mwongo, ila ikikaa sawa bado haijasema simu ya nani."

Hudhaifa alikuwa ameshatoka mbio. Yustina alilia, nami nikamwomba radhi mbele ya watu, aibu ikinichoma. Kisha nikauliza lebo hiyo ilinakiliwaje, ilhali karatasi inakaa ndani ya droo yenye kufuli.

Genoveva aligeuka polepole kumtazama mdogo wake, ambaye tangu tuingie alikuwa ameinamia meza isiyo na simu.

"Fransis," akamwambia, "nipe ufunguo wangu wa pili wa droo."