Wati tatu za joto

Nilikuwa fundi wa redio ya Kabambare kwa mwaka mzima, na katika mwaka huo watu wengi mjini walinijua kwa jina moja tu: ule mama wa Kasongo, yaani mji nilikotoka. Kibangubangu, lugha ya wenyeji, sikukielewa. Sokoni mazungumzo yaligeuka Kiswahili nikifika, na nikiondoka nilisikia yakirudi kwenye lugha hiyo.

Asubuhi ile nilikuwa nikifua nyuma ya nyumba niliyopanga, redio ikilia dirishani. Msomaji alianza tangazo la kifo. Akataja ukoo, akataja kijiji, akasema, "Familia inasikitika kutangaza kifo cha mama yetu mupendwa..." Kisha kimya.

Nilikimbia na povu mikononi. Mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa umejizima wenyewe kwa joto. Feni yake iliharibika jana yake, nami nilikuwa nimeomba tusirushe chochote mpaka nipate nyingine. Lakini mkurugenzi, akiona matangazo yanarundikana, alimwita fundi wa simu kumfungia feni ya kompyuta. Feni hiyo ilitaka volti kumi na mbili, na waya wa pale unaleta ishirini na nne. Kwa hiyo fundi aliweka rezistansi njiani, kile kidude cha kupunguza umeme. Nilikikuta cheusi, kimepasuka, na chumba kizima kinanuka rangi iliyoungua.

"Weka ingine kama ile," mkurugenzi aliniambia. "Iko mingi mu sanduku."

"Itaungua tena, papa."

"Namba haikuwa ya kweli?"

Namba ilikuwa ya kweli. Ukinzani uliotakiwa ulikuwa omu arobaini na saba, na ndizo zilizoandikwa juu yake. Nikachukua kalamu nikamwonyesha nyuma ya karatasi ya matangazo ya zamani: feni inakula robo ya ampea, na rezistansi inabaki na volti kumi na mbili. Kumi na mbili mara robo, wati tatu. Zote zinageuka joto, na lile joto lazima litoke kwenye kidude chenyewe. Kile kilichoungua kiliumbwa kubeba nusu wati.

"Basi tutafute ya wati tatu," akasema.

"Ya wati tatu ingefanya kazi ikiwa kwenye mpaka wake, tena ndani ya sanduku la mtambo lenye joto. Nataka inayoweza kubeba mara mbili, sita au zaidi."

Hatukuwa nayo. Na nje watu walikuwa wameanza kufika.

Walikuwa watu wa kile kijiji kilichotajwa. Wengine walikuja na baiskeli, wengine na jembe begani, kwa sababu tangazo liliwakuta shambani. Kila mmoja alikuwa na mama aliyeolewa mbali au aliyekwenda kuuguzwa mbali.

"Mama, ni nani alikufa?" mwanamke mmoja aliniuliza dirishani.

Sikujua. Aliyeleta tangazo alikuwa ameshaondoka na pikipiki, na msomaji alikuwa ameifungia karatasi ya tangazo ofisini mwake akaenda zake mpaka mtambo uwake. Nilimwambia angoje. Aliketi chini palepale, mikono kichwani.

Nilivunja amplifaya ya zamani iliyokufa, nikapata rezistansi nne za omu arobaini na saba, kila moja ya wati mbili. Nilizipima moja moja. Nikafunga mbili zikifuatana, na mbili nyingine zikifuatana, kisha nikaziweka jozi hizo bega kwa bega. Jumla ikabaki arobaini na saba, lakini sasa zile wati tatu ziligawanyika mara nne. Kila moja ilibeba robo tatu ya wati tu. Niliziinua mbali na plastiki, mahali upepo wa feni unapopita.

Feni ikazunguka. Tulingoja nusu saa huku nikizitazama. Hazikubadilika rangi wala kutoa harufu. Ndipo nikawasha mtambo.

Msomaji alirudi, akalisoma tangazo tangu mwanzo. Jina liliposomwa, mwanamke wa dirishani aliinua uso, akashusha pumzi. Nyuma yake kijana mmoja aliyekuwa ameshika baiskeli aliiachia ikaanguka.

Wote walimzunguka, hata wale ambao hofu yao ilikuwa imekwisha. Walimshika mabega, wakasema naye kwa lugha yao, wakaondoka naye kwa mguu, kundi zima, mmoja akiisukuma baiskeli yake. Mwanamke wa dirishani aligeuka akaniambia, "Aksanti, mama," akawafuata.

Mama yangu alizikwa Kasongo kabla sijaajiriwa huku. Hakukuwa na mtu aliyebaki ambaye kifo chake kingetangazwa ili mimi nisikie. Nililifikiria jambo hilo nikikusanya vyuma vyangu, feni ikivuma vizuri, na uwanja wa nje ukiwa mtupu. Mkurugenzi aliniletea chai ya moto, akaiweka mezani, akatoka.

Nguo zangu nilizikuta kwenye beseni, maji yamepoa. Nikaendelea kufua.